Kwa nini benki hutenga fedha za hasara kabla hujachelewa kulipa

Mkopo wako haujachelewa hata siku moja, lakini benki imekwishautengea fedha za hasara. Hajakosea mhasibu. Tangu Januari 1, 2018, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iitwayo IFRS 9 huitaka benki ikadirie hasara ya kila mkopo siku ile ile inapoutoa. Kabla ya hapo, benki ilisubiri mpaka dalili za hasara zionekane. Msukosuko wa fedha duniani wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kusubiri huko kulichelewesha ukweli.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, jambo la kujua ni kwamba mikopo hupangwa katika hatua tatu, na kuhama hatua kunaigharimu benki fedha nyingi.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mahindi mwenye deni la shilingi milioni 20 za Uganda, lililobakiza miaka mitatu. Takwimu hizi ni za kuonyesha hesabu tu. Benki inajiuliza mambo matatu: uwezekano wa mteja kushindwa kulipa, sehemu ya deni itakayopotea hata baada ya kuuza dhamana, na kiasi kitakachokuwa kinadaiwa siku hiyo. Kisha inazidisha.

Katika hatua ya kwanza, benki huangalia uwezekano wa kushindwa ndani ya miezi 12 ijayo tu. Tuseme ni asilimia 4, na sehemu itakayopotea ni asilimia 45. Benki inatenga shilingi 360,000.

Hatua ya pili huanza pale hatari inapoongezeka sana kuliko ilivyokuwa mkopo ulipotolewa. Sasa benki huhesabu muda wote uliobaki wa mkopo. Uwezekano ukifika asilimia 25, inatenga shilingi 2,250,000, zaidi ya mara sita ya mwanzo, ingawa deni ni lile lile. Katika hatua ya tatu mkopo unahesabiwa kuwa umeshaharibika, na kitengo kinapanda hadi shilingi milioni 9. Fedha hizo hupunguza faida ya benki, ndiyo maana afisa mikopo hubadilika sauti ghafla anapozungumzia nyongeza ya mkopo.

Nini kinakuhamisha? Kanuni inachukulia kwamba ukichelewa zaidi ya siku 30, hatari yako imeongezeka sana. Ukifika siku 90, unahesabiwa umeshindwa. Lakini dhana hizo zinaweza kupingwa, mradi benki iwe na ushahidi wa kuaminika. Lori likizuiliwa mpakani huku mnunuzi akiwa bado anasubiri mzigo, hilo ni tatizo la muda, si kufilisika. Bila karatasi za forodha na mkataba wa mnunuzi mezani, benki haina cha kutofautisha mambo hayo mawili. Vipeleke kabla siku 30 hazijatimia. Jihadhari pia: kuomba ratiba mpya ya marejesho kwa sababu umeelemewa kunaweza kuhesabiwa dalili ya hatari.

Waweza pia kuhamishwa bila kuchelewa. Kanuni inaitaka benki itazame mbele, na inaruhusu kulipima kundi zima la wateja kwa pamoja. Mpaka wa Katuna na Gatuna, kati ya Uganda na Rwanda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 31, 2022. Habari ya namna hiyo inatosha kuifanya benki ipandishe hatari ya wote wanaotegemea njia moja, hata yule anayelipa kila mwezi. Mwenye wanunuzi upande wa pili mwingine, na hesabu za mauzo za kuthibitisha, ana hoja ya kutowekwa katika kundi hilo.

Kurudi hatua ya kwanza kunawezekana hatari ikishuka. Kwa kawaida benki hutaka ione kwanza miezi kadhaa ya marejesho yasiyokatika, kwa hiyo kulipa limbikizo lote leo hakukurudishi kesho.

Kuna kosa moja ambalo huwagharimu watu. Wapo wanaosikia kwamba benki "imeshatenga" fedha za deni lao, wakadhani limesamehewa. Sivyo. Kitengo ni hesabu ya ndani ya benki. Deni la milioni 20 linabaki milioni 20, riba inaendelea, na dhamana bado inaweza kuuzwa.

Ukitaka kujua hali ya benki yako, fungua taarifa yake ya fedha ya mwaka, sehemu ya maelezo kuhusu mikopo. Utaona jumla ya mikopo katika kila hatua. Hatua ya pili ikivimba mwaka hadi mwaka, tarajia masharti magumu zaidi utakapokwenda kukopa.