Jedwali Lipi Likae Mbele, Lipi Liende Nyuma

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2015-16 ulikuta asilimia 34. Takwimu hizi zinakaa katika sura ya lishe, kwa sababu zikiondolewa hakuna kinachobaki kuzungumziwa.

Lakini msomaji makini atauliza: je, hali imebadilika kweli, au tofauti imeletwa na kaya zilizotokea kuchaguliwa safari hii? Jibu anaanza kulitafuta katika Kiambatisho B, penye makosa ya sampuli ya viashiria vikuu. Kiambatisho A kinaeleza sampuli ilivyopatikana, na C kinapima ubora wa takwimu, ukiwemo mgawanyo wa umri unaofichua kama watu wengi walitaja miaka inayoishia na 0 au 5. Hojaji nazo zimewekwa nyuma.

Mpangilio huo unatoa kipimo kizuri. Jedwali ambalo msomaji wa kawaida atakwama bila kuliona libaki ndani ya sura. Linalohitajiwa na anayehakiki tu liende kwenye kiambatisho. Data zisizosomeka bila kompyuta ziwe faili la ziada.

Tuseme mwanafunzi anaandika tasnifu kuhusu matumizi ya vyandarua katika kata tano. Jedwali la safu tano, likionyesha asilimia ya waliolala ndani ya chandarua katika kila kata, linabaki kwenye sura ya matokeo. Mchanganuo wa kila kijiji unakwenda nyuma. Hojaji iambatishwe kwa Kiswahili kile kile walichoulizwa wahojiwa, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza, kwani neno moja lililobadilika laweza kubadilisha jibu.

Majibu ya kila kaya yawe faili, pamoja na maelezo ya kila safuwima na maana ya kila namba. Majina na simu viondolewe kwanza. Hata mahali panatambulisha mtu: katika data za utafiti huo wa kitaifa, alama za ramani husogezwa hadi kilomita 2 mjini na 5 vijijini, na chache za vijijini hadi 10.

Kuandika “tazama kiambatisho” hakutoshi. Sentensi nzuri hutoa matokeo kwanza, kisha humwelekeza msomaji: “Pengo hilo limeonekana katika vijiji vyote vya kata hiyo (Kiambatisho B, Jedwali B.2).” Herufi zifuate mpangilio wa kutajwa: kinachotajwa kwanza kiwe A. Faili la ziada litajwe kwa jina lake kamili na mahali linapopatikana.

Kabla ya kukabidhi kazi, mwandishi atafute sentensi inayotaja kila kiambatisho. Kisichotajwa popote kiondolewe, au kiandikiwe sentensi inayoeleza kinathibitisha nini.