Mazoezi ya Nyumbani (2): Kuketi na Kuinuka

Mtu wa Munanila hahitaji kuambiwa kwamba kushuka mlima kunachosha mapaja kuliko kupanda. Kupanda humaliza pumzi. Kushuka huacha mapaja yakitetemeka, na maumivu yake huja kesho yake, kwa sababu msuli hufanya kazi ya breki: unarefuka huku ukiuzuia mwili usianguke. Zoezi la leo, la kuketi na kuinuka kwenye kiti, linategemea hiyo kazi ya breki.

Tuseme ni mama fundi cherehani wa miaka hamsini, anayeshinda amekaa na sasa hainuki bila kushika meza. Achukue kiti cha mbao cha miguu minne na akiegemeze ukutani. Kile cha plastiki kinateleza, tena miguu yake hutanuka. Aketi karibu na ukingo wa mbele, nyayo zote chini, zikiachana kwa upana wa mabega. Ainamishe kifua mbele kidogo, asukume sakafu kwa visigino, asimame. Kisha ashuke polepole akihesabu moja, mbili, tatu, mpaka aguse kiti. Wengi hukosea hapa: wanajitupa, na kazi yote inapotea.

Mwanzoni ashike mapaja au ukingo wa meza. Mara 8, apumzike dakika mbili, kisha 8 tena, siku tatu kwa wiki zisizofuatana. Aongeze kidogo kidogo; akifikisha 12 katika duru zote mbili, kwa siku mbili za mazoezi mfululizo, magoti yakiwa hayajainamia ndani, aachie mikono na kuikunja kifuani, arudi kwenye 8. Akifika tena 12, ndipo atafute kiti kifupi zaidi. Kigoda kisubiri: kadiri kiti kinavyokuwa kifupi ndivyo goti linavyobeba zaidi. Kwa wengine hatua moja huchukua mwezi, wala si kosa.

Pumzi itoke wakati wa kuinuka. Kuibana hupandisha presha ghafla. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: akishindwa kumaliza sentensi, apumzike.

Maumivu ya mapaja yote mawili yanayoanza kesho yake na kuisha ndani ya siku tatu ni ya kawaida. Maumivu makali ndani ya goti, au goti kuvimba, ni ishara ya kurudi kwenye kiti kirefu. Yakiendelea, aonwe na mganga.

Maelezo haya ni ya jumla, hayachukui nafasi ya daktari. Mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo, mjamzito, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, aulize kwanza zahanati. Na yeyote atakayebanwa kifua, kupata kizunguzungu au kukosa pumzi isivyo kawaida, aache papo hapo na awahi kituo cha afya, hata kama dalili zimepoa.

Wiki ijayo: kusukuma ukuta.