Malipo ya awali: Jinsi mwanakandarasi anavyoomba na kuyarejesha

MWANAKANDARASI aliyeshinda zabuni ya serikali hana haki ya kulipwa kabla ya kufanya kazi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 huruhusu malipo ya awali katika hali zisizo za kawaida tu, nayo hayapaswi kuzidi asilimia 20 ya bei ya kandarasi. Isitoshe, ni lazima awasilishe dhamana ya kiasi hicho hicho.

Kwa hiyo, ombi lake sharti lieleze pesa zitanunua nini na zitarudi vipi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa ujenzi wa madarasa ya shule ya umma mtaani Kayole, Nairobi, kwa Sh10 milioni. Mwanakandarasi anaomba Sh2 milioni: Sh900,000 za nondo, Sh500,000 za mawe, Sh250,000 za mchanga na kokoto, na Sh350,000 za saruji ya awamu ya kwanza. Haombi saruji yote, kwani hupoteza nguvu ikikaa ghalani muda mrefu.

Sababu yake ni kuwa wauzaji wanadai pesa taslimu, ilhali hati ya kwanza ya malipo hutolewa tu baada ya kazi kupimwa. Akikopa benki, riba itamlemea kabla msingi haujakamilika. Aambatishe bei za maandishi kutoka kwa wauzaji ili madai hayo yaweze kuthibitishwa.

Malipo haya si nyongeza wala faida. Ni sehemu ya bei iliyotangulizwa. Ikiwa kazi itapimwa katika hati tano za Sh2 milioni kila moja, anaweza kupendekeza akatwe Sh500,000 katika kila moja ya hati nne za kwanza. Deni litaisha kazi ikifika asilimia 80, na hati ya mwisho haitaguswa.

Hapa ndipo wengi hukwama. Mkataba ukiruhusu pia asilimia 10 ya kila hati izuiliwe hadi kasoro zirekebishwe, atapokea Sh1.3 milioni badala ya Sh2 milioni. Asipohesabu mapema, atakosa mishahara ya mafundi na kazi itasimama.

Mwenye mradi naye ana ya kuchunguza. Athibitishe dhamana moja kwa moja na benki iliyoitoa, na ahakikishe muda wake hautaisha kabla ya deni. Mradi ukichelewa, muda huo uongezwe mapema.

Ishara ya hatari huonekana uwanjani: pesa zimetoka, majuma yanapita, lakini nondo na mawe hayajafika wala hakuna stakabadhi za kupokea bidhaa. Huenda fedha zimegharamia mradi mwingine. Huo ndio wakati wa kudai maelezo, na ikibidi kuidai benki, dhamana ingali hai.