Mtoto wa Mbwa Anapougua Siku Mbili Baada ya Kununuliwa: Jinsi ya Kumwandikia Mfugaji

Barua nyingi za kulalamikia mbwa mgonjwa huandikwa usiku ule ule alipokufa, machozi yakiwa hayajakauka. Mnunuzi humwambia mfugaji kwamba amemwuzia mbwa mgonjwa makusudi. Mfugaji naye hujibu kwamba mbwa alitoka kwake akiwa mzima, na kama ameugua, basi ugonjwa ameupatia kwa mnunuzi. Ubishi huishia hapo, kwa kuwa kila upande unasema neno ambalo hauwezi kulithibitisha.

Kinachoweza kuumaliza ubishi huo ni tarehe. Kila ugonjwa wa kuambukiza una muda wake wa kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana, na mnunuzi anayeujua muda huo anaweza kuandika barua ambayo mfugaji hawezi kuitupa kando. Ugonjwa unaofaa zaidi kuueleza ni parvo, kwa sababu ni wa kawaida kwa watoto wa mbwa, huua upesi, na kalenda yake inajulikana vizuri.

Tuchukue mfano uliotungwa kutokana na mambo yanayotokea mara kwa mara. Mkazi wa Nairobi ananunua mtoto wa mbwa aina ya shepadi wa Kijerumani kutoka kwa mfugaji wa Kiambu, Jumamosi tarehe 8 Machi 2025. Mbwa ana umri wa wiki 8 na bei yake ni shilingi 35,000, iliyolipwa kwa M-Pesa. Kadi ya chanjo inaonyesha sindano moja tu, ya tarehe 5 Machi. Jumatatu jioni mbwa anakataa chakula na kulala kona moja. Jumanne asubuhi anatapika povu la manjano na kuhara damu yenye harufu kali. Daktari wa mifugo anapima kinyesi na damu, anathibitisha parvo, anamlaza na kumtundikia dripu. Ijumaa tarehe 14 mbwa anakufa.

Je, virusi viliingia Kiambu au Nairobi? Tangu mbwa ameze virusi vya parvo hadi dalili zianze, kwa kawaida hupita siku 3 hadi 7, na wakati mwingine hufika 14. Mbwa wetu alianza kuugua siku ya pili baada ya kufika Nairobi. Hata tukichukua muda mfupi kabisa wa siku 3, alikuwa amekwisha kuambukizwa Ijumaa tarehe 7, akiwa bado kwa mfugaji. Kama dalili zingeanza siku ya tano au ya kumi, mambo yangekuwa na utata, kwa sababu pande zote mbili zingewezekana. Na kama zingeanza wiki ya tatu, mfugaji angekuwa na haki ya kukataa lawama. Kabla ya kushika kalamu, basi, hesabu siku kati ya ununuzi na dalili ya kwanza, wala si siku uliyokwenda kwa daktari, na uwe mkweli kwa nafsi yako kuhusu hesabu hiyo.

Hesabu hiyo inaonyesha mahali virusi vilipoingia, lakini haionyeshi kwamba mfugaji alijua. Mbwa aliyeambukizwa huweza kuanza kutoa virusi kwenye kinyesi kabla hajaonyesha dalili yoyote, na siku ya kuuzwa anaweza kuwa anacheza na kula vizuri. Tuhuma ya udanganyifu ni nzito na mara nyingi haina ushahidi. Ukiiandika, unampa mfugaji nafasi ya kujibu tuhuma hiyo na kuliacha dai lako bila jibu. Wala huihitaji. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inaweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo yake na mtu anayefanya biashara ya bidhaa za aina hiyo iwe na ubora unaofaa kuuzwa. Sharti hilo haliulizi kama muuzaji alijua kasoro. Halimlindi mnunuzi aliyeikagua bidhaa na kuipita kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua, lakini virusi vilivyojificha tumboni haviwezi kuonekana kwa macho. Kama mlitia saini mkataba, usome kwanza, kwa maana unaweza kuwa na masharti yake kuhusu afya ya mbwa.

Sasa ushahidi. Mwombe daktari ripoti ya maandishi yenye tarehe ya dalili ya kwanza kama ulivyomweleza, matokeo ya vipimo, matibabu na sababu ya kifo. Hifadhi risiti zote, ujumbe wa M-Pesa, tangazo la kuuza mbwa na mazungumzo yenu ya simu yaliyoandikwa. Piga picha kadi ya chanjo pande zote mbili. Kadi ya kweli huwa na kibandiko kilichotoka kwenye chupa ya chanjo, chenye jina la chanjo na namba ya toleo, pamoja na saini na muhuri wa daktari. Kadi yenye tarehe tupu iliyoandikwa kwa kalamu haithibitishi kwamba sindano ilichomwa.

Mpigie mfugaji simu siku ile ile kipimo kinapothibitisha ugonjwa, bila kusubiri barua. Ndugu wa tumbo moja wa mbwa wako huenda wako hatarini au wamekwisha kuuzwa kwa watu wengine. Mbwa asiyetibiwa ana nafasi ndogo sana ya kupona, ilhali wengi wanaowahishiwa dripu na uangalizi wa karibu hupona, kwa hiyo simu hiyo inaweza kuokoa uhai. Barua hufuata, na inaweza kuandikwa hivi:

*Nairobi, 18 Machi 2025*

*Kwako Bwana,*

*KUH: MTOTO WA MBWA ULIYENIUZIA TAREHE 8 MACHI 2025*

*Tarehe 8 Machi nilinunua kwako mtoto dume wa shepadi wa Kijerumani, mwenye umri wa wiki 8, kwa shilingi 35,000. Tangazo lako lilisema ana afya njema na amechanjwa.*

*Jioni ya tarehe 10 Machi alikataa chakula. Asubuhi ya tarehe 11 alitapika na kuhara damu, nikampeleka kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Kipimo cha kinyesi kilithibitisha parvo, na kipimo cha damu kilionyesha chembe nyeupe zimepungua sana. Nilikupigia simu jioni hiyo kukuarifu. Mbwa alilazwa na kutibiwa hadi alipokufa tarehe 14 Machi.*

*Dalili za parvo huanza kwa kawaida siku 3 hadi 7 baada ya maambukizi. Mbwa huyu alianza kuugua siku ya pili baada ya kutoka kwako, hivyo aliambukizwa kabla sijamchukua. Sisemi kwamba ulijua. Nasema kwamba mbwa niliyemlipia hakuwa mzima siku uliyoniuzia.*

*Naomba unirudishie bei ya mbwa, shilingi 35,000, na gharama za matibabu, shilingi 22,400, jumla shilingi 57,400, kabla ya tarehe 1 Aprili 2025. Siombi mbwa mwingine. Nimeambatisha ripoti ya daktari, risiti, nakala ya kadi ya chanjo na ujumbe wa malipo.*

*Niko tayari tuzungumze, na daktari wangu yuko tayari kuzungumza na wako. Tafadhali waarifu pia waliowachukua ndugu zake.*

*Wako mwaminifu,*

Mstari wa kutoomba mbwa mwingine una sababu yake. Wafugaji wengi hupendelea kumaliza jambo kwa kutoa mtoto mwingine, na mnunuzi mwenye majonzi huona ni ukarimu. Lakini virusi vya parvo hukaa hai kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida pamoja na dawa nyingi za kusafishia haziviui. Mtoto huyo wa pili anaweza kuwa anatoka kwenye banda lile lile lenye virusi, naye ataingia ua ambao sasa una virusi pia. Sakafu ngumu husafishwa kwanza kwa sabuni hadi uchafu wote utoke, kisha humwagiwa jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, na kuachwa ikiwa imelowa kwa dakika 10. Udongo na nyasi hazisafishiki hivyo. Mbwa atakayefuata anatakiwa awe amekwisha kukamilisha chanjo zake kabla ya kuingia ua huo.

Mfugaji akijibu, kuna hoja mbili ambazo huenda atazileta. Ya kwanza ni kwamba mbwa alichanjwa. Sindano ya tarehe 5 Machi ilichomwa siku 3 kabla ya kuuzwa, na kinga haijengeki mara moja. Isitoshe, sindano ya kwanza mara nyingi haishiki kabisa, kwa sababu kinga aliyoipata mtoto kwenye maziwa ya mama huizima chanjo huku yenyewe ikiendelea kupungua. Hakuna anayejua kwa kila mbwa ni wiki gani kinga hiyo itakwisha, na ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 hadi mbwa afikishe wiki 16. Maneno "amechanjwa" katika tangazo la mbwa wa wiki 8 yana maana kwamba ameanza chanjo tu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na mfugaji mjuzi ataijua: kwamba kipimo kilinasa virusi vya chanjo. Ni kweli kwamba chanjo ya parvo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na siku chache baada ya sindano virusi hivyo huweza kuonekana kwenye kinyesi na kutoa mstari hafifu kwenye kipimo cha haraka. Mbwa wetu alipimwa siku ya 6 baada ya sindano, kwa hiyo swali ni halali. Jibu linatoka kwenye mwili wa mbwa mwenyewe. Virusi vya chanjo haviharishi mbwa damu hadi kumuua. Mstari mzito, chembe nyeupe zilizoporomoka na kuhara damu kwa pamoja vinaonyesha ugonjwa wenyewe. Hii ndiyo sababu barua inataja kipimo cha damu pamoja na cha kinyesi. Mwambie daktari wako tarehe ya chanjo mapema, ili alijibu jambo hilo ndani ya ripoti yake. Likibaki na shaka, maabara inaweza kutofautisha virusi vya chanjo na vya mitaani, mradi sampuli ya kinyesi imehifadhiwa.

Tarehe 1 Aprili ikipita kimya, mnunuzi wa Kenya ana mlango wa pili. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, mdai anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Hakimu atataka kujua mlikubaliana nini, nini kilitokea tarehe ipi, na ulimpa mfugaji nafasi gani ya kulipa kabla ya kuja mahakamani. Maswali hayo yote matatu yamejibiwa katika barua, ikiwa uliituma kwa njia inayoonyesha imepokelewa na ukabaki na nakala yako.