Ramani ya dogo ilivyozima gemu langu: kagua faili la WAD kabla hujaliamini

Leo tuongee kidogo mambo ya gemu, ila siyo kucheza. Naongea na wale wanaopenda kujua kinachoendelea ndani, na hasa wale wanaojaribu kuandika gemu lao linalofungua ramani zilizotengenezwa na wachezaji wengine.

Mimi nimeandika kiprogramu kidogo kwa lugha ya C kinachofungua ramani za Doom. Doom, kwa asiyelijua, ni gemu la bunduki na majini lililotolewa na id Software mwezi Desemba 1993. Uzuri wake ni kwamba ramani haziko ndani ya programu yenyewe, ziko kwenye faili la pembeni lenye mwisho wa `.wad`. Mwaka uliofuata watu tayari walikuwa wanatengeneza ramani zao na kubadilishana, na hadi leo wanaendelea. Msimbo wa gemu ulitolewa hadharani mwaka 1997, kwa hiyo muundo wa hilo faili hauna siri.

Sasa kuna dogo mmoja wa mtaani kwetu alikaa wiki tatu anachora ramani yake. Akaja nayo kafe kwenye flashi, uso unang'aa. "Bro, ifungue basi tuone." Nikaifungua mbele ya washkaji. Dirisha likatokea, likatoweka. Hakuna hata neno moja. Dogo akaniangalia kama mimi ndiye nimeiharibu ramani yake. Na kusema kweli kosa lilikuwa langu kwa kiasi kikubwa, ngoja nieleze.

Faili la WAD linaanza na baiti 12. Baiti 4 za kwanza ni herufi `PWAD` (faili kuu la gemu lenyewe huandikwa `IWAD`). Baiti 4 zinazofuata ni namba inayosema ndani kuna vipande vingapi vya data. Wenyewe waliviita kwa jina lenye maana ya "donge", na mimi nitaviita madonge. Baiti 4 za mwisho zinasema orodha ya madonge inaanzia baiti ya ngapi. Ukienda hapo kwenye orodha, kila donge lina baiti 16: linaanzia wapi, lina ukubwa gani, na jina lake la herufi zisizozidi 8.

Ramani moja ya kawaida ina madonge 11, kwa hiyo orodha yake ni 11 mara 16, yaani baiti 176. Faili la dogo lilitakiwa kuwa na baiti 40,000, na orodha ilianzia baiti ya 39,824. Kwa kawaida orodha huwekwa mwishoni kabisa mwa faili, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Dogo alichomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kunakili. Faili lililofika kafe lilikuwa na baiti 32,768 tu. Mwanzo wake ulikuwa safi kabisa, `PWAD`, madonge 11, orodha iko 39,824. Lakini hapo 39,824 hapakuwa na kitu! Programu yangu ikaenda kusoma, ikapata baiti sifuri, na mimi mjanja sikuangalia imesoma baiti ngapi. Ikachukua takataka zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta ikadhani ndiyo orodha. Kwisha kazi.

Nikasema sawa, naweka ukaguzi. Ukaguzi wa kwanza niliouandika ulikuwa hivi: zidisha idadi ya madonge kwa 16, jumlisha na mahali orodha inapoanzia, jibu lisizidi ukubwa wa faili. Unaonekana mzuri, sivyo? Una tobo kubwa.

Namba ya baiti 4 ina kikomo. Ikivuka 4,294,967,295 inarudi sifuri kama mita ya kilomita kwenye gari la zamani. Mtu mwenye nia mbaya akiandika kwamba faili lina madonge 268,435,457, ukizidisha kwa 16 unapata 4,294,967,312. Hiyo haiingii, kwa hiyo kompyuta inabaki na 16. Kumi na sita tu! Ukaguzi unapita. Programu inaomba nafasi ya baiti 16, halafu inaanza kujaza madonge milioni 268 humo ndani, inaandika juu ya vitu vingine vyote. Hapo siyo kuzimika tu. Mtu anayejua kupanga data vizuri anaweza kuifanya programu yako itekeleze maagizo yake, kwenye kompyuta ya kafe ambayo mtu anayekuja baada yako ataandikia neno lake la siri la barua pepe.

Dawa ni kugeuza hesabu. Usizidishe na usijumlishe namba zilizotoka kwenye faili. Gawanya na toa ukubwa ambao umeupima mwenyewe:

```
/* ukubwa = baiti za faili, tumeupima wenyewe */
if (ukubwa < 12) return 0;
if (n < 0) return 0;
if (dir < 12 || dir > ukubwa) return 0;
if (n > (ukubwa - dir) / 16) return 0;
```

Kwa faili la dogo, `dir` ni 39,824 na `ukubwa` ni 32,768, kwa hiyo linakataliwa mstari wa tatu. La yule mwenye nia mbaya linakataliwa mstari wa nne. Na hukuhitaji kubuni kikomo chako cha kusema "madonge yasizidi elfu mbili", maana utakuja kukataa faili la mtu mwenye ramani nyingi za halali. Ukubwa wa faili ndio kikomo.

Kila donge nalo unalikagua hivyo hivyo: `pos` isiwe hasi wala isizidi `ukubwa`, na `size` isiwe hasi wala isizidi `ukubwa - pos`. Ila donge lenye ukubwa sifuri liache lipite bila kujali `pos` yake. Donge la jina la ramani, kwa mfano `MAP01`, huwa halina kitu ndani, ni kibao tu cha kusema ramani inaanzia hapa, na programu nyingine huandika chochote kwenye nafasi yake.

Halafu angalia majina. `LINEDEFS`, `SIDEDEFS`, `VERTEXES`, `BLOCKMAP`, hesabu herufi. Ni nane kamili. Kwa hiyo hakuna nafasi ya ile baiti sifuri ambayo C inaitegemea kujua neno limeishia wapi. Ukitumia `strcpy` hapo itaendelea kunakili mpaka itakapokutana na sifuri mahali fulani. Hapa hata faili safi lisilo na ubaya wowote linakuangusha. Tumia `strncmp` na 8 yako, basi.

Tukaendelea. Dogo akarudi nyumbani, akanakili upya, safari hii akasubiri. Akarudi na baiti 40,000 zake kamili. Mimi wakati huo nimeshaongeza ukaguzi wa ndani ya ramani, najiona mtaalamu. Tukafungua, na gemu likaikataa ramani!

Ilikuwa hivi. Ndani ya ramani, madonge yanatajana. `VERTEXES` ni nukta, kila moja baiti 4. `LINEDEFS` ni mistari ya kuta, kila mmoja baiti 14, yaani namba saba za baiti mbili mbili: nukta ya kuanzia, nukta ya kuishia, alama, aina, kitambulisho, upande wa kulia na upande wa kushoto. Donge la nukta la dogo lilikuwa na baiti 800, kwa hiyo nukta 200, kuanzia 0 hadi 199. Mstari wowote ukitaja nukta ya 200 unasoma nje ya donge. Msimbo wa asili wa Doom haukukagua kitu hapo, ulichukua namba kama ilivyo. Na ubaya wake ni kwamba gemu halizimiki pale pale. Linazimika baadaye wakati wa kuchora ukuta, unatafuta kosa kwenye sehemu ya kuchora siku nzima na kumbe liko kwenye kusoma.

Kwa hiyo niliandika ukaguzi: nukta zote ziwepo, pande zote mbili ziwepo. Lakini ukuta wa nje wa chumba hauna upande wa pili! Doom huandika 65535 kwenye upande wa kushoto kumaanisha "hakuna". Mimi nikaiona 65535, nikasema hiyo imezidi, nje. Nilikuwa nakataa karibu kila ramani duniani, kwa sababu chumba chochote kina ukuta. Nikarekebisha: 65535 inaruhusiwa kushoto, hairuhusiwi kulia, na siyo kwenye nukta.

Donge lililonifundisha zaidi ni `REJECT`. Hili ni jedwali linalosema jini lililo chumba fulani haliwezi kumuona mtu aliye chumba fulani. Ramani yenye vyumba 60 inahitaji biti 60 mara 60, yaani 3,600, sawa na baiti 450. Sasa programu nyingi za kutengeneza ramani huliacha tupu au fupi. Ukikataa, unakataa ramani za halali. Ukiliamini, unasoma nje. Suluhisho ni kutenga baiti 450 zako mwenyewe, kuzijaza sifuri, kisha kunakili kilichopo bila kuzidi 450. Sifuri maana yake "huenda anaonekana, kapime mwenyewe", kwa hiyo gemu linakuwa zito kidogo tu. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo tofauti: kitu kikikosekana na kuna jibu salama la kujaza, jaza. Nukta isiyokuwepo haina jibu salama, kwa hiyo kataa, na uandike donge gani na mstari wa ngapi ili mwenye ramani aende kurekebisha.

Nitajuaje kwamba nimeziba matobo yote? Nilichukua ramani nzima ya dogo nikaikata: baiti 0, baiti 1, baiti 2, mpaka 39,999, na kila kipande nikampa msomaji. Vyote vinatakiwa vikataliwe kwa ustaarabu. Halafu nikachukua nakala nzima nabadilisha baiti moja moja kwa bahati nasibu usiku kucha. Hapo ramani nyingine zinafunguka na nyingine zinakataliwa, zote sawa, mradi programu haizimiki wala kuganda. Muhimu uijenge hivi kwanza:

```
gcc -g -fsanitize=address soma.c -o soma
```

Bila hiyo, kusoma baiti moja nje ya donge mara nyingi hakuzimi kitu na utadhani uko salama. Ukiwa nayo, inasimama pale pale na kukuonyesha mstari wa msimbo.

Usiku ule wa kwanza ilinionyesha kosa moja ambalo sikulifikiria kabisa. Donge la `VERTEXES` lilisomwa lina baiti 802. Mimi nilikuwa nagawanya kwa 4 kupata idadi, napata 200 na baiti mbili zinabaki, lakini kitanzi changu kilikuwa kinaenda mpaka baiti ziishe. Kikasoma nusu nukta nje. Sasa hivi kama ukubwa haugawanyiki sawasawa, ramani inakataliwa.

Ramani ya dogo inafunguka. Mlango wa chumba cha tatu haufunguki, lakini hilo ni lake, kasahau kuuwekea aina.