Kwa Nini Kundi Ambalo Kila Elementi Yake Ina Oda Isiyozidi 2 Ni Kundi la Abeli

Tuchukue kundi G ambamo x² = e kwa kila elementi x, e ikiwa ni elementi isiyobadilisha kitu. Sharti hili linaitazama elementi moja moja, ilhali hitimisho linahusu mbili: ab = ba. Kiungo chao ni kinyume. Kwa kuwa xx = e, kila elementi ni kinyume cha nafsi yake. Nacho kinyume cha zao ab hupatikana kwa kugeuza mfuatano, yaani b⁻¹a⁻¹. Aliyevaa kanzu kisha joho huanza kuvua joho. Lakini ab nayo ni elementi ya G, kwa hiyo:

ab = (ab)⁻¹ = b⁻¹a⁻¹ = ba.

Anayeanza kwa kuandika (ab)² = a²b² kwa kufungua mabano tu, bila kutumia sharti kwamba pande zote mbili ni e, amekwisha kudhani kile anachopaswa kuthibitisha.

Uzito wa hoja umo katika zao ab. Haitoshi a na b kutimiza sharti peke yake. Tuseme vitu vitatu vimepangwa mstarini: a hubadilishana nafasi ya kwanza na ya pili, b ya pili na ya tatu. Kila tendo likirudiwa, mpangilio wa awali hurejea. Hata hivyo, kutenda b kisha a huvizungusha vyote vitatu, na mzunguko huo hurejea mwanzo baada ya mara 3. Hapo ab ≠ ba.

Wala 2 haibadilishwi kwa 3: lipo kundi la elementi 27 ambamo x³ = e daima, nalo si la Abeli.