Nyekundu ya Nani? Kusoma Karatasi Iliyokwisha Kusahihishwa

Kiswahili kinawapa neno moja mwalimu na mwanafunzi. Mwalimu akikaa na rundo la mitihani, anasahihisha. Mwanafunzi akirudishiwa karatasi, akafuta kosa lake na kuandika jibu la kweli, naye anasahihisha. Utata unaanza pale wote wawili wanapotumia kalamu nyekundu kwenye karatasi ileile, halafu karatasi hiyo inarudi mezani kwa mtu wa tatu ambaye hakuwapo.

Mara nyingi mtu huyo wa tatu huwa ni mimi, kwa kuwa nahakiki mitihani ya hisabati ya ndani ya shule. Kwenye mitihani ya taifa tatizo hili ni dogo. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaelekeza watahiniwa waandike kwa wino wa buluu au mweusi na wachore kwa penseli, na karatasi zao hazirudi mikononi mwao. Mitihani ya shule haina ukali huo. Mwanafunzi anakuwa na biki nyekundu ya kupigia mistari chini ya majibu, karatasi hurudishwa darasani, maswali hupitiwa ubaoni, kisha rundo hukusanywa upya kwa ajili ya uhakiki.

Mhakiki haulizi tu nani aliandika. Anauliza pia aliandika lini. Sahihisho ambalo mwanafunzi alilifanya ndani ya chumba cha mtihani ni sehemu ya jibu lake na linastahili alama, hata kama ni jekundu. Alilolifanya baada ya kurudishiwa karatasi ni la kujifunza, na halina alama. Kwa macho tu yanafanana, kwa hiyo inabidi tuyatazame kwa namna nyingine.

Nitaeleza kwa karatasi moja ya Kidato cha Tatu iliyoniaibisha. Ulikuwa mtihani wa maswali kumi, alama 50. Mwalimu aliyeusahihisha mwanzo alikuwa amehamishwa, na mimi nikalipitia rundo lake kwa kalamu ya kijani, ili rangi yangu isichanganyike na ya mtu. Nilipomaliza karatasi ya mwanafunzi huyo nilikuwa na 34. Jedwali la mwenzangu kwenye ukurasa wa mbele lilisema 31, na daftari la alama nalo 31. Tofauti yote ilikuwa swali la sita: yeye alitoa 2, mimi nilitoa 5. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba mwenzangu alichoka.

Swali lilitaka kutatua 2x² − 5x − 12 = 0 kwa kutafuta vigawo. Nilirudi kulitazama polepole, na safari hii nikasoma wino wa buluu peke yake, kama vile nyekundu haipo. Buluu ilisema hivi:

2x² + 8x − 3x − 12 = 0
2x(x + 4) − 3(x + 4) = 0
(2x − 3)(x + 4) = 0
x = 3/2 au x = −4

Ishara zimegeuzwa tangu mstari wa kwanza, maana 8x − 3x ni 5x wakati swali lina −5x. Lakini baada ya kosa hilo kila mstari unafuata mantiki ya uliotangulia. Mwongozo wa usahihishaji ulitoa alama moja kwa kuigawa −5x, moja kwa kukusanya, moja kwa vigawo, na moja kwa kila jibu. Mwalimu anayetoa alama za njia hata baada ya kosa, lakini si za majibu yasiyo sahihi, angenyima ya kwanza, angetoa ya pili na ya tatu, kisha angenyima majibu yote mawili. Jumla ni 2. Mwenzangu hakuwa amechoka, aliisahihisha buluu.

Ndipo nikaisoma nyekundu. Kwenye −3x kijistari cha mlalo kilikuwa cha buluu, na cha wima kilichokifanya kiwe jumlisha kilikuwa chekundu. Kwenye +8x jumlisha ilikuwa imekatwa, na alama ya kutoa imeandikwa juu yake, kwa sababu kutoa hugeuka kuwa jumlisha kwa mchirizo mmoja, lakini jumlisha haigeuki kuwa kutoa bila kufutwa. Hivyohivyo mstari wa pili, wa tatu, hadi majibu. Nilihesabu ishara tisa zilizobadilishwa kwenye mistari minne.

Hizo ishara tisa ndizo zilizonifundisha kanuni ninayoitegemea zaidi ya nyingine. Mwanafunzi akigundua kosa akiwa bado anaandika, hulirekebisha pale alipofika, kisha anaendelea na kazi yake kutoka kwenye jibu jipya. Akiligundua baada ya kumaliza, hana budi kulifuata kosa kutoka mstari hadi mstari mpaka mwisho, kwa kuwa mistari yote ya chini ilijengwa juu yake.

Karatasi hiyohiyo ilikuwa na mfano wa upande wa pili. Swali la nne lilitaka mlinganyo wa mstari unaopita kwenye nukta (2, 3) na (6, 11). Kwa buluu aliandika mteremko kuwa 4/8, yaani ½, amepindua sehemu. Amekata kwa nyekundu na kuandika juu yake, kwa nyekundu, 8/4 = 2. Mstari unaofuata ni wa buluu: y − 3 = 2(x − 2), na wa mwisho pia ni wa buluu: y = 2x − 1. Ile 2 iliyo ndani ya mstari wa buluu ilitoka wapi? Haikuweza kutoka kwenye ½. Ilitoka kwenye nyekundu, kwa hiyo nyekundu ilitangulia buluu hiyo, na yote iliandikwa ndani ya chumba cha mtihani. Bila shaka biki ya kupigia mistari ndiyo iliyokuwa mkononi alipoliona kosa. Mwalimu alitoa 5 kati ya 5, na alikuwa sahihi.

Kanuni hii ina mwanya wake. Mwanafunzi anaweza kumaliza mtihani mapema, akarudi kuhakiki, na kulifuata kosa mpaka mwisho kabla ya kengele. Hapo nyekundu itashuka mistari yote na bado itakuwa halali. Kwa hiyo ushahidi wa pili unautafuta kwenye alama za mwalimu mwenyewe: zinajibu nini?

Vema na kosa ni majibu ya kitu ambacho mwalimu alikiona. Pembeni mwa mstari wa kwanza wa swali la sita kulikuwa na alama ya kosa, na −3x imezungushiwa duara. Kwa sasa mstari huo unasomeka sahihi kabisa, na duara limezunguka ishara isiyo na tatizo. Mwalimu hazungushii kitu sahihi, na vema mbili, kosa tatu na ile 2 ya pembeni zote zinaeleweka ukisoma buluu, na hazieleweki ukisoma nyekundu. Kwenye swali la nne mambo ni kinyume: vema zake zinaeleweka ukihesabu nyekundu ndani.

Jumla nayo inathibitisha. Jedwali la mbele lilikuwa na 4, 5, 3, 5, 2, 2, 4, 1, 3 na 2. Ukijumlisha unapata 31 kamili, sawa na daftari ambalo mwanafunzi halishiki. Kama 5 ya swali la nne ingekuwa imechezewa, hesabu isingefunga.

Nafasi kwenye karatasi nayo inasema kitu. Aliyeandika kwanza huandika anapotaka. Anayekuja baadaye hukwepa kilichopo. Alama ya kutoa iliyoongezwa mbele ya 3/2 ilikuwa fupi na imejikunja, kwa kuwa mkia wa kosa la mwalimu ulikuwa umeshapita hapo. Mwalimu aliye haraka hakwepi chochote. Hupitisha mkono juu ya maandishi.

Wapo wanaotaka kumaliza shauri kwa kutazama mistari inapokatana na kusema upi uko juu. Nawashauri wasitegemee macho kwa hilo. Mstari mzito zaidi huonekana uko juu hata kama uliandikwa kwanza, na mistari miwili ya nyekundu inayokaribiana haikupi hata hicho kidogo. Taa ya kukagulia noti husaidia kiasi, kwa sababu baadhi ya wino nyekundu hung'aa chini yake na nyingine hubaki nyeusi. Ukiona tofauti, umejua kwamba kalamu ni mbili, si kwamba watu ni wawili, kwani biki ya mwalimu humwishia katikati ya rundo. Usipoona tofauti hujajua chochote, kwani wote wawili huenda walinunua biki duka moja.

Na vema zilizoongezwa je? Wanafunzi hujiwekea vema wanapopitia maswali ubaoni, pasipo nia mbaya. Vema ni michirizo miwili tu, na ni hatari kumtambua mtu kwa kitu kidogo kiasi hicho. Badala ya kukodolea macho vema moja, fungua karatasi kumi za jirani ndani ya rundo hilohilo. Utaona kama mwalimu huweka vema mwisho wa mstari au pembeni, kama huweka moja kwa kila alama au moja kwa swali zima. Mwenzangu aliweka vema moja kwa kila alama aliyotoa. Kwenye swali la tisa, lililopata 3, niliona vema nne, na ya nne ilikuwa imekaa juu ya jibu la mwisho, mahali ambapo yeye hakuwa akiandika. Sikuhitaji kujua mkono ni wa nani. Ilitosha kuona kwamba vema hiyo haikubeba alama yoyote.

Baada ya hapo nilimwita mwanafunzi, na sikumwonyesha jumla yoyote.

"Mwanangu, hizi ishara za swali la sita uliziandika lini?"

"Tulipopitia ubaoni, Mwalimu. Mwalimu alisema tusahihishe."

Alisema kweli, na alilifanya aliloambiwa. Neno lilikuwa lilelile, kazi ndiyo iliyotofautiana. Nilipomuuliza kuhusu mteremko wa swali la nne, alisema aliuona palepale alipotaka kuuingiza kwenye mlinganyo. Hata hivyo nafurahi kwamba nilimuuliza mwisho. Ningeanza naye, jibu lolote lingekuwa neno lake tu, na mimi ningekuwa nimeshamtilia shaka.

Pale ushahidi unapogongana, kwa mfano nyekundu imeshuka mpaka mwisho, mwalimu hakuweka duara, na jumla inakubali tafsiri zote mbili, mimi huiacha alama ya kwanza ilivyo. Aliyeitoa aliiona karatasi kabla haijatoka mikononi mwake, na mimi sikuiona. Tangu siku ile darasa langu hufanya masahihisho kwenye daftari, na mtu akitaka kuandika kwenye karatasi yenyewe, anatumia penseli.

Karatasi ile niliifunga kwa 31. Kwenye swali la nne nyekundu yake ilibaki na alama zake zote. Kwenye swali la sita nilikata 5 yangu ya kijani, nikaandika 2 kando yake, nikatia saini ndogo na tarehe, ili atakayekuja baada yangu asijiulize kijani ile ni ya nani.